Bloku za dharura kwenye jengo kubwa la maduka Lubumbashi: pa kuzifunga, na dakika za kubaki kwenye betri

Umeme ukikatika saa 1 jioni ndani ya jengo la maduka lisilo na madirisha, mteja aliye kati ya rafu haoni hata mkono wake. Kinachomtoa ni zile taa ndogo zenye betri ndani ambazo mafundi wa hapa wanaziita bloku. Mjini zimejaa. Shida ni kwamba nyingi zimefungwa kana kwamba umeme unakatika mara moja kwa mwaka, siku ya moto. Hapa delestaji inaweza kuja mara mbili kwa siku moja, na bloku iliyokwisha betri saa 4 asubuhi haitamfaa mtu saa 10 jioni moto ukizuka kweli.

Kwa hiyo mwongozo huu una mambo mawili: wapi pa kufunga bloku ili sakafu ionekane, na namna ya kuhesabu betri katika mji wenye delestaji. La pili tutalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linaloharibika bila mtu kujua.

Tutatumia jengo moja la mfano hadi mwisho. Kuna ukumbi wa kuuzia wa mita 40 kwa 30, dari lake liko mita 5 juu. Nyuma yake kuna korido ya kutokea yenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 48: mita 30 moja kwa moja, kona, kisha mita 18 hadi mlango wa kutoka uani.

Hatua ya 1: Tembea njia kwa miguu kabla ya kuchora

Usianze na karatasi. Anzia pale mteja anapokuwa mbali kabisa na mlango, kwa kawaida kona ya friji za nyama au stoo ya nyuma, kisha tembea hadi nje kabisa, penye hewa. Kila unapofika mahali ambapo mtu anaweza kusita, weka alama ya chaki sakafuni. Mtu husita kwenye mlango, kwenye kona, njia zinapokutana, penye kidaraja cha ngazi hata kama ni kimoja, na nje ya mlango wa mwisho. Kila alama lazima iwe na bloku isiyozidi mita 2 kutoka hapo.

Alama ya nje ndiyo inayosahauliwa. Watu wanatoka mbio kwenye korido yenye mwanga, wanaingia giza la uani, wa mbele anasimama kwa sababu haoni, na wa nyuma wanamgonga. Bloku ya nje iwe na chapa ya IP65, maana mvua za Lubumbashi kuanzia Novemba hadi Machi hazina huruma na boksi la plastiki lililo wazi.

Kwenye ngazi, kila mkono wa ngazi upate mwanga wa moja kwa moja. Bloku moja kwenye bapa la kati haitoshi kama kivuli cha ukingo kinaangukia vidaraja. Penye kizima-moto, kisanduku cha huduma ya kwanza na kitufe cha kengele, mwanga ufike luksi 5; luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali. Hapa kuna njia rahisi: badala ya kuongeza taa, hamisha kizima-moto kiwe chini ya bloku iliyopo.

Hatua ya 2: Usichanganye kuonyesha njia na kuangaza sakafu

Bloku nyingi zinazouzwa hapa zimefuata desturi ya Ufaransa: zimeandikwa 45 lm na 1h, yaani lumeni 45 za mwanga wote unaotoka kwenye taa, kwa saa 1, na fundi amefundishwa kuzifunga kila baada ya mita 15. Bloku hiyo ni nzuri kwa kazi yake, yaani kuonyesha mlango uko wapi. Lakini haiangazi sakafu. Kanuni ya Ulaya iitwayo EN 1838 inataka angalau luksi 1 sakafuni kwenye njia ya kutokea. Tuone kama bloku ya lumeni 45 inafika.

Hesabu ni hii, na inatosha kalkuleta ya simu:

```
E = I × h / (h² + d²)^1.5
```

E ni luksi sakafuni, I ni nguvu ya mwanga kuelekea pale unapopima (kandela, inapatikana kwenye karatasi ya mtengenezaji), h ni kimo cha taa kutoka sakafuni, na d ni umbali wa sakafuni kutoka chini ya taa.

Kwenye korido yetu, bloku iko mita 2.5 juu. Ya lumeni 45 inatoa kama kandela 10 kuelekea katikati. Zikiwa mita 15 mbali, pale katikati d ni 7.5, na kila bloku inaleta luksi 0.05. Mbili pamoja ni 0.1. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya kinachotakiwa. Mtu ataona kibao cha kijani mbele, lakini hataona katoni iliyoachwa njiani.

Sasa chukua bloku ya lumeni 200 yenye lenzi ya korido, ile inayotupa mwanga pande mbili kwa urefu, ikiwa na kandela 60 kuelekea katikati. Zikiwa mita 10 mbali, kila moja inaleta 0.86, mbili ni 1.72. Punguza asilimia 30 kwa ajili ya vumbi na betri kuzeeka, unabaki na luksi 1.2. Imefaulu. Zipeleke mita 12 mbali, utapata 0.76. Imeanguka. Mita mbili tu za tamaa ndizo zinazoharibu kazi.

Korido yetu basi inapata bloku 6: kwenye mlango wa kutoka ukumbini, mita ya 10, mita ya 20, kwenye kona mita ya 30, mita ya 39, na juu ya mlango wa mwisho. Ongeza moja ya nje. Kwa mpango wa lumeni 45 kila mita 15 zingeingia 5 ndani. Tofauti ya idadi ni bloku moja. Tofauti ya mwanga sakafuni ni zaidi ya mara kumi.

Hatua ya 3: Ukumbi

Ukumbi hauna njia moja. Watu wametawanyika, kwa hiyo lengo ni mwanga mdogo kila mahali ili wasitishike: angalau luksi 0.5 sakafuni. Kwa kukadiria, mafundi wanatumia lumeni 5 kwa kila mita ya mraba. Ukumbi wetu ni mita za mraba 1,200, hivyo ni lumeni 6,000, yaani bloku 15 za lumeni 400. Zipange safu 3 za bloku 5: mita 8 kati yao kwa urefu, mita 10 kwa upana. Umbali kati ya bloku usizidi mara 4 ya kimo chake. Kwa dari la mita 5 ni mita 20, kwa hiyo tuko salama.

Hesabu hiyo ni ya ukumbi mtupu. Rafu zenye kimo cha mita 2.2 zikiingia, bloku iliyo juu ya rafu inaangaza sabuni na maboksi ya juu, na njia iliyo pembeni inabaki kivulini. Sogeza kila safu iwe juu ya njia, si juu ya rafu. Na kila rafu zinapohamishwa, kwa mfano kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, rudi na kipima-mwanga usiku, taa za kawaida zikiwa zimezimwa, upime sakafuni. Bloku hazihami pamoja na rafu.

Vibao vya mlango navyo vina hesabu yake fupi. Kibao chenye taa ndani kinasomeka hadi mara 200 ya kimo chake. Cha sentimita 10 kinafika mita 20, cha sentimita 20 kinafika mita 40. Kwa ukumbi wetu wenye urefu wa mita 40, vile vya sentimita 10 juu ya milango ya mbali havitoshi.

Zile taa za macho mawili, zenye kofia mbili za kugeuza, ziwekwe stoo na kwenye chumba cha jenereta. Ndani ya ukumbi zinampiga mtu machoni, na nyuma ya ule mwanga mkali haoni kitu.

Hatua ya 4: Waya wa bloku utoke wapi

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapokufa. Waya wa umeme wa bloku utoke baada ya disjonkta ya taa za eneo lile lile, na kabla ya swichi yake. Maneno hayo mawili, baada na kabla, yana maana kubwa.

Ukitoa waya kwenye disjonkta ya pekee kule kwenye tablo kubwa, siku disjonkta ya taa za korido itakapoanguka, korido itakuwa giza lakini bloku bado zinaona umeme wake. Hazitawaka. Ukitoa waya baada ya swichi, bloku zitawaka kila jioni mlinzi anapozima taa, zitamaliza betri kila usiku, na asubuhi wateja wataingia zikiwa tupu. Baada ya miezi michache betri zinakufa kabisa, na lawama inamwangukia aliyeuza bloku.

Jaribio lake ni la dakika mbili. Zima swichi ya taa za korido: bloku zisiwake. Washa tena, kisha shusha disjonkta ya korido: bloku za korido ziwake ndani ya sekunde 5, na za ukumbini zisiwake. Rudia eneo kwa eneo. Matokeo tofauti na hayo yanakuambia waya upi umetolewa pabaya.

Hatua ya 5: Jenereta inalisha tablo zipi?

Jenereta nzuri inawaka na kubeba mzigo ndani ya sekunde 10 hadi 15. Kama inalisha taa zote, bloku zitawaka kwa sekunde hizo tu, na betri haitahisi kitu. Lakini kwenye majengo mengi jenereta imepewa friji, kaunta za malipo na nusu ya taa ili kuokoa mazuti. Ile nusu nyingine ya taa ina bloku zake. Bloku hizo zinawaka muda wote wa delestaji, ukumbi ukiwa na mwanga wa kutosha na mtu asione ubaya wowote. Baada ya saa moja au tatu zinazimika. Mazuti yakiisha baadaye, nusu ya jengo haina bloku.

Fungua tablo, uandike kila disjonkta ya taa na chanzo chake. Disjonkta isiyolishwa na jenereta isiwe na bloku. Hamisha waya wa bloku kwenye taa za eneo hilo hilo zinazobaki na jenereta, na hakikisha kila eneo lina angalau taa chache za namna hiyo.

Kuna mlango mwingine wa siri, nao ni umeme dhaifu. Bloku imetengenezwa ibadili kwenda kwenye betri umeme unaposhuka mahali fulani kati ya asilimia 85 na 60 ya ule wa kawaida. Kwa volti 230 hiyo ni kati ya volti 195 na 138. Taa za LED za siku hizi zinawaka vizuri hata kwa volti 150. Kwa hiyo jioni, mtaa mzima unapopika na volti zikashuka hadi 170, ukumbi unang'aa kama kawaida huku baadhi ya bloku zikila betri yake kimyakimya. Dalili iko kwenye kijitaa cha kuchaji: kikiwa kimezimika na bloku inawaka wakati taa za kawaida zipo, pima volti kwenye tablo hapo hapo. Dawa ni stabilizeta kwenye tablo ya taa, na wakati wa kununua, kuchagua bloku zinazobadili chini zaidi.

Hatua ya 6: Betri ya saa 1 au ya saa 3?

Bloku ya saa 1 inakubalika mahali ambapo watu hutolewa mara moja umeme unapokatika, na hawarudishwi hadi betri ijae tena. Kujaa tena kunachukua hadi saa 24. Nani hapa atafunga duka saa 24 kwa sababu ya delestaji? Ndiyo maana, kwa jengo la maduka Lubumbashi, nunua za saa 3. Si kwa sababu watu watahitaji saa 3 kutoka, bali ili delestaji itumie sehemu yake na bado ibaki saa nzima kwa ajili ya moto.

Weka hesabu hivi. Bloku ya saa 3, ikijaa kwa saa 24, inarudisha kama dakika 7.5 za mwanga kwa kila saa ya umeme. Ya saa 1 inarudisha kama dakika 2.5. Sasa fuata siku moja, jenereta ikiwa imegoma na bloku zote zikiwa zimejaa asubuhi.

Umeme unakatika saa 4 kamili asubuhi. Wateja wanasindikizwa nje, lakini wafanyakazi wanabaki kulinda bidhaa, na umeme unarudi baada ya dakika 50. Ya saa 3 imebaki na dakika 130, ya saa 1 imebaki na 10. Umeme unakaa kwa muda wa saa 4: ya kwanza inapanda hadi 160, ya pili hadi 20. Wateja wamerudi. Saa 8 na dakika 50 mchana umeme unakatika tena kwa saa nzima. Bloku za saa 3 zinawaka muda wote na kubaki na dakika 100. Za saa 1 zinazimika dakika ya 20, wafanyakazi wakiwa ndani gizani. Usiku umeme unakaa bila kukatika. Za saa 3 zimejaa kabla ya alfajiri. Za saa 1, mlango unapofunguliwa saa 2 asubuhi, zina kama dakika 40 tu, na siku mpya ya delestaji inaanza.

Kutokana na hesabu hiyo toa amri moja, uiandike kwenye karatasi na kuibandika ofisini kwa meneja: wateja wasiingie kama bloku zina chini ya dakika 90. Sitini ni za moto, thelathini ni za betri kuzeeka. Na jenereta isipowaka ndani ya dakika 5, mauzo yasimame na watu wasindikizwe nje kwa utulivu. Mwanga wa bloku ni wa kutokea. Si wa kulipia bidhaa.

Mwanya wa kuokoa dakika upo, na wengi hawautumii. Bloku nyingi za mtindo wa Kifaransa zina matundu mawili ya telekomandi, yenye waya mdogo unaofika kwenye kisanduku karibu na tablo. Jengo likiwa tupu na umeme umekatika, mlinzi anabonyeza, na bloku zote zinazimika bila kumaliza betri. Umeme ukirudi, zenyewe zinarudi kwenye ulinzi. Lakini ukikatika tena usiku huo huo, zitawaka tena, na mlinzi lazima abonyeze tena. Mwambie hivyo, la sivyo atadhani kisanduku kimeharibika. Waya hizo kwa kawaida zina + na −. Bloku moja ikigeuziwa waya, itabaki inawaka peke yake usiku kucha, na hiyo ndiyo dalili yake.

Hatua ya 7: Namna ya kuitambua bloku ya uongo kabla ya kulipa

Mizigo inayopita Kasumbalesa ina kila aina. Fungua kifuniko dukani, usome maandishi ya betri yenyewe, si ya boksi. Zidisha volti kwa ampea-saa, kisha gawanya kwa saa zilizoahidiwa. Unapata wati zinazoweza kutoka. Kila wati inatoa kama lumeni 100.

Mfano: boksi linasema lumeni 200 kwa saa 3, betri imeandikwa 3.6 V 600 mAh. Ni 3.6 mara 0.6, sawa na wati-saa 2.16, gawanya kwa 3, ni wati 0.72. Hizo ni lumeni 72 kwa juu kabisa. Bloku hiyo itatoa ama mwanga ulioandikwa kwa chini ya saa moja, ama mwanga hafifu kwa saa 3. Vyote viwili haviwezi. Lumeni 200 kwa saa 3, ukihesabu na hasara za ndani, zinataka karibu wati 2.4, yaani wati-saa 7.2, sawa na ampea-saa 2 kwa betri ya volti 3.6. Ongeza robo kwa ajili ya kuzeeka: tafuta iliyoandikwa 2.5 Ah.

Hatua ya 8: Betri na joto

Betri za Ni-Cd ndani ya bloku zinatarajiwa kukaa miaka 4. Chini ya mabati, mwezi wa Oktoba, joto la juu ya dari linaweza kuzimaliza upesi zaidi. Bloku zinazozama ndani ya dari zina betri yake juu kabisa, kwenye joto hilo. Penye dari la mabati, tumia zinazoning'inia au za ukutani, chini ya mita 4 pakiwezekana, na kamwe usiweke juu ya tanuri la mkate au nyuma ya friji.

Betri mbovu inaonekana kwa macho. Zima disjonkta, fungua kifuniko, uvute ile pakiti ya seli tatu zilizofungwa kwa plastiki. Kama kwenye ncha za seli kuna unga mweupe mkavu, kama chumvi iliyokauka, seli inavuja. Ubadilishe pakiti nzima, na usiuguse unga huo kwa mkono mtupu. Kama haina unga, irudishe, iache ichaji saa 24, kisha kata umeme na uweke multimita kwenye ncha za pakiti huku bloku inawaka. Pakiti isiyo mbovu ya volti 3.6 inakaa karibu na 3.6 kwa muda mrefu. Ikishuka hadi volti 3.0 ndani ya dakika 30 au 40, imekwisha, hata kama kijitaa cha kijani kinawaka. Kijitaa hicho kinasema tu kwamba umeme unaingia. Hakisemi betri imebeba nini.

Ukibadilisha, weka volti zile zile, ampea-saa zile zile na aina ile ile. Chaja ya Ni-Cd haichaji LiFePO4 ipasavyo, hata plagi ikiingia.

Hatua ya 9: Jaribio la muda mzima bila kuacha jengo tupu

Kila mwezi shusha disjonkta eneo kwa eneo kwa muda mfupi, uone kila bloku inawaka, kisha rudisha. Kwa mji wenye delestaji, jaribio la muda wote ulioandikwa lifanywe kila miezi 6 badala ya mwaka mzima.

Tatizo ni kwamba jaribio hilo linamaliza betri, na kujaa kunataka saa 24. Jengo linalofungwa Jumapili lina nafasi: shusha Jumamosi saa 2 usiku baada ya kufunga, zimulike hadi saa 5, rudisha umeme, na Jumatatu asubuhi zimejaa, mradi umeme au jenereta iwepo Jumapili. Jengo linalofungua kila siku ligawe bloku kwa namba. Usiku wa kwanza jaribu zenye namba witiri, usiku wa tatu zenye namba shufwa, ili kila bloku tupu iwe na majirani wawili waliojaa. Ili hilo liwezekane, kila bloku iwe na swichi yake ndogo ya kukata umeme au kitufe cha kujaribu muda, na jambo hilo liamuliwe siku ya kuvuta waya. Kuliongeza baadaye kunamaanisha kufungua dari upya.

Wakati wa jaribio, mtu mmoja apite kila dakika 30 akiwa na orodha ya namba. Inayozimika kabla ya saa 3 iandikwe dakika yake, si neno "mbovu" peke yake. Bloku iliyofika dakika 150 inaweza kusubiri betri hadi wiki ijayo. Iliyofika dakika 70 ibadilishwe kabla ya mlango kufunguliwa. Na kila pakiti mpya, kabla ya kifuniko kurudi, iandikwe mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino usiofutika, upande unaoonekana ukifungua.